Slaidi ya Sita

Zamani nilikuwa na slaidi sita tu za somo hili, na nilizionea fahari. Ya kwanza ilionyesha alama sita za mtihani zikiwa shaghalabaghala, ya mwisho ilizionyesha zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, na hizo nne za katikati zilionyesha hali ilivyo kila baada ya mzunguko mmoja. Darasa ni la jioni, watu wanakuja wametoka kazini, kwa hiyo nilidhani ufupi ni hisani. Nikabonyeza kutoka slaidi ya pili kwenda ya tatu. Kijana mmoja fundi simu, aliyekaa nyuma karibu na mlango, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo 38 imefikaje kule mwanzo?"

"Imechomekwa," nikamjibu.

Akatazama ukutani, akanitazama mimi. "Sawa. Na waliokuwepo pale wamepisha saa ngapi?"

Sikuwa na slaidi ya kumjibu. Zile sita zilionyesha matokeo ya kazi, lakini kazi yenyewe ilikuwa imefanyika gizani, kati ya mbonyezo mmoja na mwingine. Usiku ule nikazifumua zote na kuanza upya. Sasa ninazo 22, kwa alama sita zilezile, na ya sita ndiyo ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote.

Njia yenyewe inaitwa upangaji kwa kuchomeka. Mwalimu yeyote aliyewahi kupanga karatasi za mtihani kwa alama anaijua hata kama hajawahi kusikia neno algorithimu. Anachukua karatasi moja kutoka kwenye rundo lisilopangwa, anatafuta mahali pake kwenye rundo lililopangwa, anaichomeka, anarudi kuchukua nyingine. Mezani kazi hiyo ni nyepesi, kwa sababu karatasi zilizoko chini zinasogea zenyewe unapopenyeza nyingine katikati. Kwenye kompyuta hakuna kinachosogea chenyewe. Namba zimekaa katika safu ya nafasi zilizobanana, kila nafasi ina namba moja, na ukitaka kupata upenyo katikati lazima uihamishe kila namba kwa zamu yake, moja moja.

Ndiyo maana nikaacha mfano wa karatasi nikachukua wa benchi. Fikiria watu sita wamekaa kwenye benchi la zahanati, wamebanana, na muuguzi anataka wakae kwa kimo, mfupi kushoto na mrefu kulia. Yule wa tatu ni mfupi kuliko wawili waliomtangulia. Hawezi kupenya tu. Kwanza asimame, nafasi yake ibaki wazi. Kisha jirani yake wa kushoto asogee kulia, akae pale palipoachwa. Kisha wa kwanza naye asogee. Sasa mwanzo wa benchi kuna upenyo, na yule aliyesimama anakwenda kukaa. Asipoanza kwa kusimama, jirani akisogea atamkalia mapajani. Tuliweke hilo akiba, tutalihitaji.

Alama zetu ni hizi, na nafasi zinahesabiwa kuanzia sifuri kama kompyuta inavyopenda, kwa hiyo ya kwanza iko nafasi 0 na ya mwisho nafasi 5:

```
45 | 62  38  71  38  50
```

Ule mstari wa wima ni mpaka. Kushoto kwake kumepangwa, kulia bado. Tunaanza na mpaka baada ya 45, kwa kuwa namba moja ikiwa peke yake imekwisha kupangwa, haina wa kugombana naye. Kila mzunguko unaichukua namba ya kwanza iliyo kulia kwa mpaka, unaiingiza kushoto mahali pake, na mpaka unasogea hatua moja. Namba sita, mizunguko mitano.

Mzunguko wa kwanza hauna mambo. 62 inanyanyuliwa, inalinganishwa na 45, na kwa kuwa 45 si kubwa kuliko 62, hakuna wa kusogea. 62 inarudi palepale ilipotoka. Hizo ni slaidi tatu: kunyanyua, kulinganisha, kuweka. Wanafunzi huwa wanauliza kwa nini tujisumbue kuinyanyua kama inarudi ilipokuwa. Jibu ni kwamba kompyuta haina jicho la kuona safu nzima kwa mara moja. Isipouliza, haijui.

Hapo kuna kosa moja la kuelewa ambalo nimelikuta kila muhula. Mtu anaona 45 na 62 ziko kushoto kwa mpaka, anahesabu kwamba zimeshafika kwao. Hapana. Zimepangana zenyewe kwa zenyewe tu. Mpaka unasema "hizi haziko vurugu," hausemi "hizi hazitaguswa tena." Mzunguko unaofuata utazigusa zote mbili.

Na huo ndio mzunguko wa fundi simu. 38 ya nafasi 2 inanyanyuliwa. Kwenye slaidi nimechora kiganja juu ya safu, na 38 imo ndani yake. Hizi hapa slaidi nne za mzunguko huo. Mabano yanaonyesha nafasi ambayo sasa ni ruksa kuandika juu yake:

```
slaidi ya 5:   45   62  (38)  71  38  50    mkononi: 38
slaidi ya 6:   45  (62)  62   71  38  50    mkononi: 38
slaidi ya 7:  (45)  45   62   71  38  50    mkononi: 38
slaidi ya 8:   38   45   62   71  38  50    mkononi: -
```

Itazame ya sita. 62 iko mara mbili, na 38 tuliyoinyanyua haimo tena kwenye nafasi yake. Mtu akiingia darasani wakati huo, akasoma ukutani bila kuona kile kiganja, atasema safu imeharibika. Na kweli, kwa dakika hiyo imeharibika. Kinachoiokoa ni mkono.

Mwanzoni nilichora nafasi iliyoachwa kama kisanduku kitupu, ikapendeza. Kisha nikagundua kwamba nawadanganya. Kwenye kompyuta namba haihami kama mtu anavyohama kiti, inanakiliwa. 62 ikipelekwa nafasi 2, ile ya nafasi 1 inabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hakuna nafasi inayokuwa tupu. Siku hizi naiacha namba ya zamani, ila naipaka rangi ya kijivu iliyopauka, kama kivuli cha mtu aliyekwisha kuondoka. Badiliko dogo, lakini tangu nilifanye, watu wameacha kuniuliza "ni nini kinachojaza ule utupu."

Utaratibu wangu mwingine ni kwamba slaidi mpya siichori upya kamwe. Nainakili iliyotangulia nzima, kisha nabadilisha kitu kimoja tu. Visanduku visipotikisika hata kidogo, jicho linakwenda lenyewe kwenye kilichobadilika.

Mzunguko wa tatu tunaupita haraka: 71 inanyanyuliwa, inakutana na 62, inarudi kwake. Wa nne ndio mrefu. Sasa safu ni 38, 45, 62, 71, halafu mpaka, halafu 38 nyingine na 50. Ile 38 ya kwanza niliipaka kijani tangu slaidi ya kwanza, na hii ya pili nyekundu, kwa sababu ni karatasi za wanafunzi wawili tofauti waliogongana alama. 38 nyekundu inanyanyuliwa. 71 ni kubwa kuliko 38? Ndiyo, isogee. 62? Isogee. 45? Isogee. Kisha inakutana na mwenzake wa kijani. 38 ni kubwa kuliko 38? Hapana, zinalingana. Basi hatusogezi. Nyekundu inakaa mara baada ya kijani, na aliyetangulia kwenye orodha bado ametangulia.

Mzunguko wa mwisho unainyanyua 50, unazisogeza 71 na 62, unaikuta 45, unasimama. Slaidi ya 22 inasomeka 38, 38, 45, 50, 62, 71.

Ni hapo tu, baada ya slaidi zote, ndipo ninapoonyesha msimbo. Nimeuandika kwa Python, na kile kiganja kimepata jina lake:

```python
def panga(a):
    for i in range(1, len(a)):
        mkono = a[i]
        j = i - 1
        while j >= 0 and a[j] > mkono:
            a[j + 1] = a[j]
            j = j - 1
        a[j + 1] = mkono
```

`i` ni namba inayonyanyuliwa. `j` ni jirani tunayemuuliza, na anarudi nyuma hatua moja kila mara. Mstari wa `while` una maswali mawili: bado tuko ndani ya benchi, na jirani huyu ni mkubwa kuliko aliye mkononi? Yote mawili yakijibiwa ndiyo, jirani anasogea. Moja likikataa, aliye mkononi anakaa.

Sasa turudi kwa yule aliyegoma kusimama. Kuna mwanafunzi aliyeona mstari wa `mkono = a[i]` hauna kazi. Namba si ipo palepale kwenye `a[i]`, ya nini kuinakili? Akaufuta, na kila palipoandikwa `mkono` akaweka `a[i]`. Programu ikaenda bila kulalamika, ikatoa hivi:

```
45  62  62  71  71  71
```

Akafurahi. Zimepangwa! Na ukizikagua kwa mpangilio tu, ni kweli kila namba ni sawa au kubwa kuliko iliyotangulia. Dada mmoja anayeshika hesabu za duka la jumla ndiye aliyeguna. Alikwishajumlisha alama za mwanzo kwa mazoea yake tu, akapata 304. Hizi alizipigia kikokotoo akapata 382. "Mwalimu, hesabu zinagoma."

Tukarudi slaidi ya sita. Pale 62 inaposogea kwenda nafasi 2, inaandikwa juu ya 38. Kama 38 haikuwekwa mkononi kabla, ndiyo imekufa; hakuna mahali pengine ilipoandikwa. Kuanzia hapo `a[i]` yenyewe inasomeka 62, kwa hiyo kompyuta inauliza kama 45 ni kubwa kuliko 62, inaambiwa hapana, inasimama na kuiweka 62 nyingine katika nafasi 1. Kwenye benchi aliyekaliwa mapajani angepiga kelele. Kwenye safu anatoweka kimya, na anayemkalia anahesabiwa mara mbili.

Kosa la pili ni pacha wa hilo, ila limegeuka nyuma mbele. Ondoa swali la `j >= 0`, acha mengine yote kama yalivyo. Lugha nyingi zitasimamisha programu mara moja, kwa kuwa nafasi ya -1 haipo. Python haisimami, maana kwake -1 ni namba halali yenye maana ya "nafasi ya mwisho." Basi 38 ya kijani ikishawapita 62 na 45, badala ya kukaa mwanzoni inazunguka nyuma ya benchi na kuanza kuwauliza waliokaa mwisho. Inaikuta 50, kubwa kuliko yenyewe, inaipeleka mwanzo wa safu. Inaikuta 38 nyekundu, inalingana nayo, inasimama, na inakaa nafasi ya mwisho. Safu imekuwa 50, 45, 62, 71, 38, 38. Mizunguko iliyobaki inajitahidi kurekebisha, na mwisho tunapata hii:

```
38  38  50  45  62  71
```

Dada wa hesabu akajumlisha: 304. Hakuna aliyepotea. Lakini 50 imekaa mbele ya 45. Ukiziangalia harakaharaka, hasa zikiwa mia badala ya sita, unaweza kuzipitisha.

Kwa hiyo ukaguzi ni wa namna mbili, na mmoja hauchukui nafasi ya mwingine. Kosa la kwanza linafaulu mtihani wa mpangilio na kufeli wa jumla. La pili linafaulu wa jumla na kufeli wa mpangilio. Jumla yenyewe si kipimo kamili, kwani mtu akipoteza 38 na 50 akapata 44 mbili, jumla haitajua. Kipimo cha uhakika ni kuhesabu kila namba ilikuwepo mara ngapi kabla, na ipo mara ngapi baada. Ila kwa namba sita, kikokotoo cha dada kinatosha.

Tulikuwa tumehesabu pia kazi iliyofanyika. Maswali ya kulinganisha yalikuwa 11 na misogeo 7. Ukiongeza kunyanyua mara tano, kuweka mara tano na slaidi moja ya mwanzo, unapata 22. Hiyo 7 ina siri yake, na unaweza kuijua kabla hujasogeza hata namba moja. Chukua safu ya mwanzo, hesabu jozi zilizokaa kinyume, yaani kubwa iko mbele na ndogo iko nyuma yake. 45 ina wadogo wawili nyuma yake, zile 38 mbili. 62 ina watatu: 38, 38 na 50. 71 ina wawili. 38 hazina. Jumla ni 7. Haikutokea kwa bahati, kwani kila msogeo unaondoa jozi moja tu iliyokaa kinyume, haupungui wala hauzidi, kwa hiyo misogeo haina budi kulingana na jozi.

Ukilijua hilo, unajua pia njia hii inafaa wapi na inachoka wapi. Namba sita zikipangwa kinyume kabisa, kila jozi imekosea, na jozi ni 15. Namba 1,000 zilizo kinyume kabisa zina jozi 499,500. Ziongeze ziwe 2,000, jozi zinakuwa 1,999,000. Mzigo umeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka karibu mara nne. Ndiyo maana hakuna anayepanga orodha ya mamilioni kwa kuchomeka tu. Lakini orodha ya 1,000 iliyokwisha kupangwa, ukaongeza jina moja mwishoni, ina jozi mbaya zisizozidi idadi ya watakaompisha huyo mgeni, na kazi inakwisha mara moja. Tim Peters alipoiandikia Python njia yake ya kupanga mwaka 2002, hakuitupa hii. Programu yake inatafuta vipande vilivyokwisha kupangika vyenyewe, vilivyo vifupi mno inavirefusha kwa kuchomeka, kisha inaviunganisha. Orodha yenye namba chini ya 64 haifikii hata hatua ya kuunganisha. Sita zetu, ukiziita kwa `sort()`, zinapangwa kwa kuchomeka vilevile, ila mahali pa kukaa panatafutwa kwa kugawa sehemu iliyopangwa nusu kwa nusu badala ya kuuliza jirani mmoja mmoja.

Zoezi la mwisho la jioni ile lilikuwa la alama moja tu. Nilibadilisha `>` ikawa `>=`, nikauliza: kati ya slaidi 22, ya kwanza kubadilika ni ipi? Wengi walikwenda kwenye ile ya sita, kwa kuwa ndiyo tuliyoizungumza sana. Fundi simu alikuwa amezichora zote kwenye daftari la mistari, kwa kalamu ya bluu, na zile 38 mbili kazizungushia duara, moja kwa wino na moja kwa penseli. Akapitisha kidole ukurasa mzima mpaka ya 16, pale 38 nyekundu inapomkuta mwenzake wa kijani.

"Hapa," akasema. "Sasa zikilingana, kijani naye anasogea."

Nikabonyeza ya 17. Ukutani namba zilikuwa zilezile, 38, 38, 45, 62, 71, 50. Rangi ndizo zilizokuwa zimebadilishana viti.